Maji Ziwani, Ziwani Maji: Namna ya Kuhesabu na Kuandika Ngoma za Mizani ya Pogo

Katika arusi moja iliyofanyika Bagira kiangazi kilichopita, kina mama sita waliovaa mishanana waliingia uwanjani, mikono wameinyanyua mithili ya pembe ndefu za ng'ombe, wakicheza mtindo wa umushagiriro ambao asili yake ni ng'ambo ya pili ya Ruzizi na ambao sisi wa Bukavu tumeuzoea kiasi cha kuuhesabu kuwa wa nyumbani. Waliimba wenyewe na kujipigia makofi wenyewe, wakaenda kwa utulivu kabisa, hata kijana wa kinanda cha umeme, kwa nia njema ya kuwasindikiza, alipobonyeza kitufe cha mdundo wa sita kwa nane. Hapakupita kitambo miguu ikaanza kusitasita, makofi yakafifia, na mama kiongozi akageuza shingo kutazama kipaza sauti kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lisilo lake. Baada ya chakula kijana yule alinijia, akasema, “Papa mwalimu, mimi niliwafuata vizuri, mbona wao wamenipotea?” Nilimjibu kwa ufupi siku ile, maana wasaa haukuwapo, jawabu kamili ndilo hili, nami naliandika kwa ajili yake na kwa ajili ya maestro wa korali, wapiga vinanda na wote wanaotamani kuziweka ngoma za wazee wetu katika karatasi bila kuziharibu.

Kijana hakukosea vidole wala sauti. Wimbo ule ulikuwa na chembe tano katika kila mzunguko, na kitufe chake kilikuwa na sita. Naliita chembe lile pigo dogo kuliko yote, lililo sawasawa na wenzake, ambalo chini yake hakuna kitu kinachokatwa tena. Naliita pigo lile kubwa ambalo kofi au mguu hulikamata, na ambalo ndani yake mna chembe mbili au tatu. Na mzunguko ni jumla ya mapigo hayo hadi pale wimbo unaporejea mwanzo. Msomaji aliyefundishwa ushairi hatapata taabu hapa, kwa kuwa malenga wetu wa pwani nao huhesabu mizani silabi kwa silabi, nane kwa nane katika shairi, wala hawaulizi silabi hiyo ni ya neno refu ama fupi.

Sasa, ziko njia mbili za kujenga mzunguko. Ya kwanza ni ya kugawanya: unachukua muda mmoja, unaukata vipande vilivyo sawa, viwili au vinne, kisha kila kipande unakikata tena, kama mtu agawanyaye andazi kwa watoto ambao wote ni lazima wapate sawa. Ya pili ni ya kujumlisha: unachukua kipande cha chembe mbili, unakiunga na kipande cha chembe tatu, na mzunguko unakuwa ni kile kilichopatikana kwa kuunga, bila ya mtu kukusudia kwamba pande zake zilingane. Mtaalamu wa Kijerumani Curt Sachs, katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu mdundo na mwendo, ndiye aliyeeneza tofauti hii ya kugawanya na kujumlisha miongoni mwa wataalamu wa muziki. Mizani iliyozaliwa kwa njia ya pili, ikiwa vipande vyake havilingani, mimi naiita mizani ya pogo, kwa sababu mzigo uliokwenda upande ndivyo tunavyousema, na kwa sababu Waturuki nao, ambao wana ngoma nyingi za namna hiyo, waliiita aksak, yaani yenye kuchechemea. Lakini mtu asidanganywe na neno hilo akadhani kwamba mchezaji anachechemea kweli. Kina mama wale wa Bagira hawakuchechemea hata kidogo mpaka walipoongezewa chembe ambayo si yao.

Kabla ya kuhesabu lolote, itazameni miguu. Nalisema hili mapema kwa kuwa ghalati kubwa kuliko zote huzaliwa hapa. Si kila mdundo uliotengenezwa kwa vipande visivyolingana ni mizani ya pogo. Chukueni rumba yetu ya Kongo, na lile pigo la vijiti ambalo kila mtoto wa Kadutu hulijua hata kama hajui jina lake: ukilihesabu kwa chembe utapata tatu, tatu, nne, mbili, nne, jumla kumi na sita. Kwa sikio hiyo ni pogo tupu. Lakini mtazame mtu anayeicheza: miguu yake hukanyaga mara nne zilizo sawa, chembe nne kwa kila hatua, na katika mapigo matano ya vijiti ni mawili tu, la kwanza na la tano, yanayokutana na mguu, mengine matatu yanaanguka katikati ya hatua, na humo ndimo utamu wake ulimo. Rumba basi huandikwa kwa mizani ya nne, na upogo wake huachwa uonekane katika mstari wa vijiti peke yake. Mtu akiiandika kama vipande vitano visivyolingana, kila kimoja na mwanzo wake, atakuwa ameandika alichokisikia na kuficha kile ambacho mchezaji anakijua. Kofi Agawu wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu namna muziki wa Afrika unavyoelezwa, aliwateta kwa haki wale walioona kujumlisha mahali ambapo wachezaji wanagawanya, nami naona hoja yake ni ya kushikwa kwa mikono miwili.

Kwa wale kina mama, hata hivyo, miguu yenyewe ndiyo isiyolingana. Mguu wa kulia ulikanyaga kwa uzito, wa kushoto ukafuata upesi, kisha pakawa na kitambo kirefu zaidi kabla ya wa kulia kurudi. Na makofi yalikwenda pamoja na miguu, si kinyume chake. Hapo hakuna hatua zilizo sawa zilizojificha chini. Pogo imeshuka hadi ardhini, na ndiyo mizani yenyewe. Kwa hiyo mkienda kurekodi, msiiweke simu karibu na kipaza sauti ambako mtapata sauti tamu ya mwimbaji na kukosa kila kitu kingine. Iwekeni chini, hatua chache kutoka kwenye miguu, na ikiwa wachezaji ni wanaume wa intore wenye njuga vifundoni, basi njuga zitawaandikia nusu ya kazi. Fauka ya hayo, tafuteni chombo kinachojaza chembe zote bila kupumzika. Mpigaji wa lulanga, ile zeze ya ubao ya Bashi iliyo ndugu wa inanga ya Rwanda, mara nyingi hufanya hivyo: sauti yake ya uimbaji hukaa kimya kwa muda mrefu, lakini vidole havisimami, na katika vidole hivyo utazisikia chembe moja moja kama punje za mtama zinazodondoka katika sinia.

Tukishajua kwamba pogo ni ya miguu, ndipo tunahesabu. Wengi huanza kwa kutaja namba, moja mbili tatu nne tano, na hilo halifai kwa Kiswahili kwa sababu namba zetu ni ndefu mno kwa chembe moja. Hizo tano zote zina silabi mbili mbili, hata nne, na ulimi unajikwaa pale pale penye haja ya wepesi. Wengine, walio werevu zaidi, huchukua neno la silabi mbili na neno la silabi tatu na kuyaunga. Mimi nami nilifanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa nikiwafundisha wanakorali mbili na tatu kwa kuwaimbisha “maji ziwani”, maji kwa kipande kifupi na ziwani kwa kipande kirefu, nikistaajabu kwa nini makofi yao kila mara yanatoka tatu na mbili, kinyume na nilivyotaka, hata siku moja nikajisikiliza mwenyewe.

Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maji mkazo uko kwenye ma. Katika ziwani uko kwenye wa, si kwenye zi. Basi anayesema “maji ziwani” kwa ulimi wake wa kila siku, bila ya kuulazimisha, anasema MA ji zi WA ni, na kutoka MA mpaka WA mna chembe tatu, na kutoka WA mpaka MA ya mzunguko unaofuata mna mbili. Wanakorali wangu hawakukosea. Walipiga makofi mahali ambapo lugha yao inakanyaga. Nikageuza maneno, nikawaambia waseme “ziwani maji, ziwani maji”, na papo hapo makofi yakakaa: zi ni silabi ya kuingilia, kisha WA ni, mbili, kisha MA ji zi, tatu, na hiyo zi ya mwisho ndiyo ya kuingilia tena. Andikeni hivi katika daftari lenu:

```
chembe   1   2   3   4   5
neno     WA  ni  MA  ji  zi
mguu     x   .   x   .   .
```

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kufundisha mizani nyingine upya, kwa kuwa kila ukiongeza neno maji umeongeza kipande cha mbili, na kuongeza ndiko kujumlisha kwenyewe. “Ziwani maji maji” ni mbili, mbili, tatu, jumla saba, ambayo ndiyo mizani ya ngoma ya Kibulgaria iitwayo rachenitsa. Ongeza maji moja zaidi utapata tisa, ambayo Wabulgaria wanaicheza katika daychovo. Na wale wenzetu wa pwani, ambao vikundi vyao vya taarabu kama Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, vimerithi kutoka Misri na Uturuki sanaa ya kupiga bashrafu na samai, wana mzunguko wa kumi uitwao samai thakili, ambao vipande vyake ni tatu, mbili, mbili, tatu. Msomaji anaweza kuutafuta kwa kusema “maji ziwani maji maji zi”, akikanyaga kila penye mkazo, na hatapotea. Hayo nayasema kwa kupita tu. Jirani wa Ziwa Kivu ana kazi ya kutosha katika tano, maana nyimbo nyingi za ngoma za Rwanda zinakwenda katika chembe tano, na huku kwetu tunazisikia kila arusi.

Msomaji makini ameshaona tatizo lililozaliwa hapo juu. “Maji ziwani” na “ziwani maji”, ukizirudia bila kusimama, ni duara moja. Silabi ni zile zile na zinafuatana vile vile. Tatu na mbili ni ile ile mbili na tatu iliyoanziwa mahali pengine. Ni nani basi atakayeamua mwanzo uko wapi? Sikio la mtu aliyesoma muziki kanisani litasema mwanzo uko pale sauti inapoanza kuimba, au pale inapopanda juu kabisa, na mara nyingi litakuwa limekosea, kwa sababu katika nyimbo hizi kiongozi aghalabu huingia chembe moja au mbili kabla ya mguu mzito, kama mtu anayepiga hodi kabla ya kuvuka kizingiti. Mimi natumia mashahidi wawili. Wa kwanza ni mguu unaobeba uzito wa mwili: mchezaji anapokanyaga kwa mguu huo goti hupinda kidogo na bega hushuka, hata kama kofi halikuongezeka nguvu. Wa pili ni mwisho wa wimbo: mwombeni kiongozi asimamishe ngoma kama anavyoisimamisha kwa desturi, na mtazame kofi la mwisho linaangukia chembe gani, kwa maana ni nadra wachezaji kumalizia mahali ambapo wao wenyewe hawapahesabu kuwa ni nyumbani. Mashahidi hao wakikubaliana, shauri limekwisha. Wakitofautiana, mfuateni mguu.

Baada ya mwanzo kujulikana, bado yapo mashaka ya namna nyingine, ambayo ni kama kweli chembe ni tano. Sikio peke yake halitoshi hapa, kwa kuwa tano iko katikati ya jirani wawili ambao wote wanaivuta. Kipande kirefu na kifupi katika tano vina uwiano wa tatu kwa mbili. Mtu akikifupisha kile kifupi kidogo tu, uwiano unakuwa mbili kwa moja, na tano imekuwa sita. Akikirefusha, vinalingana, na pogo imetoweka kabisa. Kwa wimbo wa Bagira nilifanya hesabu ambayo yeyote mwenye simu na kompyuta anaweza kuifanya. Kwanza, kwa saa ya kusimamisha, nilihesabu mizunguko ishirini, kuanzia mguu mzito mmoja hadi mguu mzito wa ishirini na moja, na muda ukawa sekunde 30 kamili. Mzunguko mmoja basi ni sekunde 1.5. Kisha nikaifungua rekodi katika programu ya kuhariri sauti, ambayo huonyesha kila kofi kama mwiba uliosimama, nikapima umbali kati ya mwiba na mwiba katika mizunguko kumi. Kipande kifupi kilipata wastani wa sekunde 0.61, na kirefu sekunde 0.89.

Sasa tulinganishe. Ingekuwa tano, mzunguko wa sekunde 1.5 ungegawanyika chembe za sekunde 0.3, na tungetarajia 0.6 na 0.9. Ingekuwa sita yenye kifupi na kirefu, chembe zingekuwa za sekunde 0.25, na tungetarajia 0.5 na 1.0. Ingekuwa vipande sawa, tungetarajia 0.75 kila kimoja. Hesabu zetu zinakaa karibu kabisa na tano, na hapana shaka iliyobaki. Pimeni makofi mengi, kamwe msitosheke na mawili au matatu, kwa kuwa mkono wa binadamu si mashine, na kofi moja linaweza kuwahi au kuchelewa kwa sehemu kadhaa za mia za sekunde bila ya mtu kukosea. Na pimeni katikati ya ngoma, mwendo ukishatulia. Ngoma inapoharakishwa mno mwishoni, kile kifupi huwa kinazidi kufupika, na mtu aliyepima hapo tu atarudi na habari kwamba ngoma ni ya sita.

Hesabu hizo ndizo zinazomfungulia kijana wetu fumbo lake, na hapa namwomba asome polepole. Kitufe cha sita kwa nane kina mapigo makubwa mawili yaliyo sawa, kila moja la chembe tatu. Mpiga kinanda anayetaka kukutana na wachezaji anaweza kukosea kwa namna mbili, na kila namna ina dalili yake. Akiufananisha mzunguko wake na wao, yaani sekunde 1.5 kwa 1.5, atakutana nao kila mguu mzito, lakini mguu wa pili utafika kwenye sekunde 0.6 wakati pigo lake la pili linafika kwenye 0.75, wachezaji watahisi kwamba kila mzunguko mtu anawavuta nguo kwa nyuma, hawapotei, ila wanachoka na kupunguza makofi. Lakini akifananisha chembe zake na zao, sekunde 0.3 kwa 0.3, mzunguko wake utakuwa wa sekunde 1.8, atakuwa nyuma kwa chembe moja baada ya mzunguko wa kwanza, mbili baada ya wa pili, na hatakutana nao tena mpaka yeye amalize mizunguko mitano na wao sita, yaani kila baada ya sekunde 9. Hapo ngoma huonekana kuwa sawa kwa kitambo kifupi, kisha inavurugika, kisha ghafla inakuwa sawa tena. Mtu akiniambia, “Mara tunapatana, mara tunaachana,” najua bila kusikia chochote kwamba chembe moja imezidi. Katika arusi ile ilikuwa namna ya kwanza, nami nilijua kwa sababu mama kiongozi hakuwahi kupoteza mguu wa kulia hata mara moja.

Dawa kwa mwenye kinanda kisichokuwa na kitufe cha tano ni kuacha vitufe vyote vya mdundo, akapiga kwa mikono. Na kwa mazoezi atumie metronomu, akiiweka katika 200 ikiwa anataka kusikia kila chembe, ama katika 40 ikiwa anataka kusikia mguu mzito peke yake. Nawasihi waanze na 200 na wasibaki hapo. Aliyezoea kusikia chembe zote huimba kama anayehesabu shanga; aliyefika 40, akijaza zile tano kwa kichwa chake mwenyewe, ndiye anayeweza kusindikiza wachezaji.

Tufike kwenye kuandika. Kwa mtu asiyesoma noti, na hata kwa anayezisoma akiwa bado uwanjani, njia iliyo salama ni visanduku, kisanduku kimoja kwa chembe moja, alama ya x mahali penye pigo na nukta mahali pa kimya. Philip Harland, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, aliitengeneza njia hiyo mwaka 1962 kwa ajili ya kuandika ngoma za Afrika, nayo ina fadhila moja kubwa: hailazimishi mtu kuamua mwanzo kabla hajaujua. Wimbo wa Bagira ulianza hivi katika daftari langu, mizunguko miwili kwa mstari:

```
mguu    x . x . . | x . x . .
kofi    x . x . . | x . x . .
sauti   x . x x x | x . x . x
```

Katika mstari wa sauti tazameni chembe ya tano ya mzunguko wa pili: hiyo ni silabi ya kuingilia, ni ya sentensi inayokuja, si ya ile iliyokwisha, na mtu akiifungia upande usio wake waimbaji watavuta pumzi mahali pabaya.

Kutoka kwenye visanduku kwenda kwenye mistari mitano ya noti ni safari fupi. Chembe ifanyeni noti ya nane, ile ambayo maestro wetu huiita kroshi. Kipande kifupi kitakuwa nwari moja, na kirefu kitakuwa nwari yenye nukta. Mwanzoni mwa mstari msiandike tano juu ya nane na kuondoka, kwa kuwa tano peke yake haisemi imejengwa vipi. Andikeni 2+3 juu ya 8, na kila mahali kroshi zinapofuatana ziunganisheni kwa boriti mbili mbili na tatu tatu, ili jicho lione vipande kabla ya akili kuhesabu. Nimeona karatasi nyingi zenye kroshi tano zilizounganishwa kwa boriti moja ndefu, na sijaona korali hata moja iliyoziimba sawasawa kwa mara ya kwanza. Vilevile jihadharini na tano kwa nne. Kwa hesabu ni kitu kimoja, lakini maestro atakayeiona atanyanyua mkono mara tano kwa kila mzunguko, na ngoma iliyokuwa na miguu miwili itakuwa na mitano. Mkono unapaswa kushuka mara mbili, mfupi na mrefu, kama miguu ya wachezaji. Na hatimaye, msikate mizunguko kuwa vipimo vya mbili kwa nane na tatu kwa nane vinavyopokezana. Hiyo inajaza ukurasa mistari ya kukatia na kumfanya msomaji aone mianzo miwili mahali ambapo mguu mzito ni mmoja. Juu ya mstari wa kwanza andikeni mwendo kwa njia mbili, kroshi 200 na kipimo kizima 40, na chini ya noti zote acheni mstari mmoja mwembamba wa miguu, hata kama hakuna chombo kitakachoupiga.

Mstari huo wa miguu sikuwa nao katika nakala yangu ya kwanza, nami nilijuta. Wiki mbili baada ya arusi nilimwendea mama kiongozi nyumbani kwake nikiwa na kurasa nilizokuwa nimeziandika kwa wino, vipimo thelathini na viwili, na kwa sababu yeye hasomi noti nilimwimbia na kupiga makofi kama nilivyoandika. Sauti alizikubali zote. Lakini kila nilipokaza kofi la mwanzo wa kipimo yeye alitikisa kichwa, kisha akainuka kitini, akavua kandambili, akakanyaga sakafu kwa kisigino cha kulia mara tatu, akangoja nimtazame, akasema, “Mwalimu, wewe unaanzia kushoto. Sauti ya juu inakudanganya. Sisi tunaanzia huku.”

Nilikuwa nimeandika tatu na mbili. Nilikuwa nimeufuata ule mlio wa juu kabisa wa mwimbaji, ambao katika wimbo huu unaangukia mguu wa pili, na mistari yangu yote thelathini na miwili ya kukatia ilikuwa imesimama chembe mbili mbele ya mahali pake. Hakuna noti hata moja iliyobadilika jioni ile. Nilichukua wembe na rula pale pale mezani kwake, nikakwangua mstari mmoja baada ya mwingine na kuusogeza, na yeye akawa amekaa karibu yangu akimenya ndizi na kugonga sakafu kwa kisigino, polepole, ili nisikosee tena.